Nilichukua, Sikukopa

Pesa ya Jumamosi ndiyo huondoka kwanza. Benki hufunga mchana, duka la vifaa vya ujenzi huuza saruji na misumari mpaka jioni, na mechi za Uingereza huanza saa nane na nusu. Kwa hiyo kuanzia Jumamosi mchana hadi Jumatatu asubuhi, sanduku la keshia lina mauzo ambayo hakuna anayeyadai kwa saa arobaini hivi. Keshia ana ufunguo, na simu iko mfukoni.

Keshia wa makala haya hayupo, na barua yake nimeitunga mimi. Lakini nimekaa miaka kadhaa kwenye meza ya hesabu, na hakuna kitu ndani yake ambacho sijawahi kukiona kwenye karatasi za kweli. Tumweke Morogoro, kwenye tawi dogo linalouza takriban Sh 1,800,000 kwa siku. Mshahara wake ni Sh 640,000 kwa mwezi. Jumamosi ya tarehe 12 Aprili 2025 alitoa Sh 60,000 kwenye sanduku, akaziweka kwenye simu, akabeti. Mkeka ukachanika. Jumatatu asubuhi alitakiwa kupeleka benki mauzo yote ya Jumamosi, naye amepungukiwa elfu sitini.

Alichofanya Jumatatu hiyo ndicho kilichomfikisha kwenye barua, pengine kuliko hata kubeti kwenyewe. Alisubiri. Hakwenda benki asubuhi. Alikwenda mchana, baada ya wateja wa Jumatatu kulipa, akachukua elfu sitini kwenye pesa ya Jumatatu na kujazia ya Jumamosi. Slipu ya benki ikasoma sawasawa na kitabu cha risiti. Sasa pengo limehamia Jumatatu. Jumanne likahamia Jumanne. Kila siku deni lilelile lilivaa tarehe mpya, na karatasi za siku zilizopita zikabaki safi kabisa.

Mbinu hii ni ya zamani kama kazi ya ukeshia yenyewe, na ina dalili moja isiyofichika: kuchelewa. Ukichukua kitabu cha risiti, usome tarehe kwenye nakala za kaboni, kisha uweke pembeni slipu za benki, utaona kwamba mpaka mwanzoni mwa Aprili pesa ililala usiku mmoja tu dukani. Kuanzia katikati ya mwezi inalala siku moja na nusu, halafu mbili. Jumla zinalingana, tarehe hazilingani. Dalili ya pili ni ya tabia. Keshia wa namna hii haumwi, haombi ruhusa ya msiba na hataki likizo, maana siku atakayokaa mwingine kwenye kiti chake ndiyo siku ambayo pengo litakosa pesa ya kesho ya kujifunika. Mameneja wengi humsifia mtu kama huyo kwa kuipenda kazi.

Wiki ya pili alichukua Sh 180,000, ya tatu Sh 350,000, ya nne Sh 550,000. Tarehe 3 Mei pengo lilikuwa Sh 1,140,000. Hapa ndipo hesabu ya mkeka ilipomtongoza. Mkeka wa mechi kumi, kila mechi ikiwa na odi ya 1.5, unazidisha dau mara 57 na ushee. Weka elfu ishirini, zikiingia zote unapata Sh 1,153,000. Yaani deni lote, na chenji ya soda. Odi ya 1.5 inaonekana salama kwa sababu ni timu kubwa nyumbani dhidi ya timu ndogo. Lakini tuseme kampuni imejiwekea faida ya shilingi 5 tu katika kila shilingi 100 kwenye kila mechi. Hapo uwezekano halisi wa kila timu kushinda ni kama 63 kwa 100, na uwezekano wa zote kumi kushinda kwa pamoja ni takriban 1 kwa 100. Mikeka mia ya aina hiyo inagharimu milioni mbili, na mmoja unaoingia unarudisha milioni moja na laki moja na nusu. Shilingi tano ambazo kwenye mechi moja huzioni, zikizidishwa mara kumi zinakula karibu nusu ya pesa yako. Mkeka mrefu una faida zaidi kwa anayeuuza.

Wikiendi ya tarehe 10 Mei alianza na mikeka ya elfu ishirini. Usiku, ilipochanika yote, akahamia kwenye kindege, mchezo unaoisha kwa sekunde chache na kuanza tena bila kusubiri refa. Kufikia alfajiri ya Jumapili alikuwa amechukua Sh 1,200,000 nyingine. Jumla ikawa Sh 2,340,000, na jumla hiyo imezidi mauzo ya siku nzima. Pesa ya siku moja haitoshi tena kuifunika. Kwa hiyo barua aliyoiandika Jumapili jioni haikuletwa na dhamira peke yake. Hesabu yenyewe ilikuwa imegoma.

Hii hapa barua yenyewe, bila anwani:

*YAH: KUKIRI KUCHUKUA FEDHA ZA MAUZO NA PENDEKEZO LA KUZIREJESHA*

*Husika na somo tajwa hapo juu.*

*Mimi ni keshia wa tawi hili tangu Februari 2022. Kati ya tarehe 12 Aprili na 10 Mei 2025 nilichukua fedha za mauzo Sh 2,340,000 bila idhini ya mtu yeyote, nikazitumia kubeti kwa simu yangu. Nilichukua kama ifuatavyo: 12 Aprili Sh 60,000, 19 Aprili Sh 180,000, 26 Aprili Sh 350,000, 3 Mei Sh 550,000, 10 Mei Sh 1,200,000. Nilificha upungufu kwa kupeleka benki fedha za siku iliyofuata badala ya zile zilizopungua. Hakuna mfanyakazi mwingine aliyejua wala kunufaika.*

*Naambatanisha taarifa ya miamala ya namba yangu ya simu kwa kipindi hicho. Iwapo ukaguzi utaonyesha kiasi tofauti, niko tayari kukaa na mkaguzi tupitie risiti moja moja.*

*Leo naweza kurejesha Sh 420,000 kupitia akaunti ya kampuni. Zitabaki Sh 1,920,000. Naridhia kwa maandishi haya nikatwe Sh 120,000 kwenye mshahara wangu kila mwezi kwa miezi 16, kuanzia mwisho wa Mei 2025 hadi mwisho wa Agosti 2026. Ikiwa ajira yangu itakoma kabla ya hapo, nitaweka kwenye akaunti ya kampuni si chini ya Sh 60,000 kila tarehe 5 hadi deni liishe.*

*Naomba niondolewe kwenye kazi ya kushika fedha kuanzia leo. Natambua kwamba kurejesha fedha hakuondoi haki ya kampuni kuchukua hatua za nidhamu au za kisheria, na pendekezo hili halina sharti lolote.*

*Naomba radhi kwako na kwa wenzangu niliowaweka kwenye mashaka.*

*Wako katika kazi.*

Tazama kitenzi kwanza. Rasimu nyingi za barua kama hii huanza na “nilikopa”, “nilijiazima”, au ile ya kiofisi zaidi, “kulitokea upungufu”, kana kwamba upungufu ulipita barabarani ukaingia dukani wenyewe. Meneja akisoma “nilikopa” huuliza swali moja: ulimkopa nani? Mkopo una mtu aliyekubali. Na hapa sheria ni kali kuliko watu wanavyodhani. Kanuni za Adhabu za Tanzania, katika tafsiri yake ya wizi, zinasema kwamba kwa upande wa fedha, nia ya kuzitumia utakavyo inatosha kuwa nia ya wizi hata kama ulikusudia kuzirudisha baadaye. Sheria ya Kenya inasema vivyo hivyo, kwa kuwa zote mbili zilizaliwa kwenye nyumba moja ya kikoloni. Kwa hiyo sentensi ambayo keshia anaitegemea zaidi, “nilikuwa nitarudisha”, mbele ya hakimu haimsaidii chochote katika kosa lenyewe. Inaweza tu kusikilizwa wakati wa kupima adhabu. Na adhabu ya mtumishi kumwibia mwajiri, kwa Tanzania, inaweza kufika kifungo cha miaka 10. Kenya miaka 7.

Hilo linaleta jambo ambalo mtu lazima alijue kabla ya kusaini. Barua hii ni ungamo lenye sahihi yake, na inaweza kuwa kielelezo mahakamani. Kwa hiyo anayetaka kuiandika afanye jambo moja la busara: aipeleke kwanza kwa wakili, kwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi, au kwenye ofisi ya msaada wa kisheria kama ya Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Siku moja ya kusubiri ushauri haigharimu kitu, mradi siku hiyo asiguse sanduku.

Kisha kiasi. Kosa la kawaida ni kuandika kile alichopoteza badala ya kile alichochukua. Keshia wetu alipata bahati mara moja: tarehe 26 Aprili mkeka mmoja uliingia, akapata Sh 210,000, akazirudisha kwenye kubeti siku hiyohiyo. Kichwani mwake hasara ya siku ile ni laki na arobaini. Kwa kampuni ni laki tatu na nusu, kwa sababu hizo ndizo zilizotoka kwenye sanduku. Ushindi wake haukuwahi kufika dukani. Wengine hupunguza kwa makusudi, wakiamini mkaguzi hatafika mbali. Hiyo ndiyo njia ya haraka ya kuiua barua, maana meneja akikuta hata laki moja isiyotajwa, kila sentensi nyingine inageuka kuwa mbinu. Orodha ya tarehe tano iko pale ili mtu asiyemwamini aweze kuipima: achukue taarifa ya miamala, aone pesa iliyoingia kwenye simu Jumamosi saa saba na kutoka kwenda kwenye kampuni ya kubeti saa saba na dakika tatu, kisha afungue slipu za wiki hiyo.

Sentensi ya kwamba hakuna mwingine aliyejua inaonekana ya adabu tu, lakini ina kazi. Upungufu ukigundulika bila maelezo, wa kwanza kuitwa polisi mara nyingi si keshia. Ni mtunza stoo na kijana wa kupakia. Kwa upande mwingine, kama kuna aliyejua, sentensi hiyo isiandikwe. Uongo wa kumlinda rafiki utagundulika kwenye miamala ileile iliyoambatanishwa.

Sasa malipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kujikatia tu mshahara wa mtu kwa hasara aliyoisababisha. Panatakiwa mfanyakazi akubali kwa maandishi, aelezwe kwa maandishi chanzo na hesabu ya deni na apewe nafasi ya kulipinga. Deni lisizidi hasara halisi, na makato hayo yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Robo ya Sh 640,000 ni Sh 160,000. Kwa kiwango hicho Sh 1,920,000 ingeisha kwa miezi 12 kamili, na meneja angeipenda sana. Basi kwa nini barua imeandika Sh 120,000?

Fuata mshahara wenyewe. Kwenye Sh 640,000, mfuko wa hifadhi ya jamii unachukua asilimia 10, Sh 64,000. Kodi ya mapato kwenye kinachobaki ni Sh 31,200. Mkononi zinafika Sh 544,800. Ukiondoa laki na sitini anabaki na Sh 384,800 kwa kodi ya nyumba, chakula, nauli na ada za watoto. Mtu aliyekwisha kuzoea kutafuta pengo la mwezi kwenye simu, ukimbana mpaka hapo, atarudi kwenye simu. Kwa laki na ishirini anabaki na Sh 424,800. Ni kidogo, lakini mwezi unafika mwisho. Mpango wa miezi 16 unaotimia una thamani kubwa kwa kampuni kuliko wa miezi 12 unaokatika mwezi wa tatu, na meneja mzoefu anaujua ukweli huo kwa kutazama tu safu ya makato. Mwajiri anayekata zaidi ya robo anajiweka pabaya yeye mwenyewe: mfanyakazi aliyemkosea anaweza kumpeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na akasikilizwa.

Zile Sh 420,000 za mwanzo nazo zina asili yake. Aliuza friji kwa laki tatu, na kikoba kikamrudishia hisa zake Sh 120,000. Hakuandika hayo kwenye barua, na alifanya vizuri, kwa kuwa meneja hahitaji kusikia habari za friji. Ambacho hakufanya ndicho kinachostahili kusemwa: hakwenda kuchukua mkopo wa kausha damu ili aje na milioni mbili zote mkononi siku ya Jumatatu. Wapo wanaofanya hivyo, wakapongezwa kwa kulipa mara moja, na baada ya wiki sita wakopeshaji wakaja mlangoni, na sanduku likaguswa tena. Deni la kampuni halina riba. Kulibadilisha kuwa la riba ni kubeti kwa jina lingine.

Mstari ninaoulinda kuliko yote ni ule usemao pendekezo halina sharti. Rasimu ya kwanza ya mtu yeyote mwenye hofu huwa na maneno kama “nitalipa zote ikiwa suala hili halitafika polisi”. Inaonekana ni ombi la kibinadamu, kumbe inamtega meneja. Kuna tofauti kati ya mwajiri anayeamua mwenyewe kuridhika na marejesho, na makubaliano ya kulipwa ili kosa lifichwe. La pili sheria inalitazama kama kosa jingine, linalomgusa na anayepokea. Zaidi ya hapo, meneja wa tawi si mwenye mali. Akikubali kunyamaza, mkaguzi wa makao makuu akija, wanakuwa wawili kwenye barua moja. Kwa hiyo sharti linalodhaniwa kumkinga mwandishi humsukuma meneja apige simu polisi haraka ili ajisafishe.

Na sababu? Barua haina mama mgonjwa, haina ada ya shule. Pengine mama kweli anaumwa. Lakini taarifa ya miamala imeambatanishwa, na inaonyesha pesa ilikwenda wapi. Ugonjwa wa mama ukitajwa hapo unasomeka kama uongo hata ukiwa kweli. Utakuwa na nafasi yake kwenye kikao cha nidhamu, ambako mfanyakazi anaruhusiwa kujieleza akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama, baada ya kupewa taarifa isiyopungua saa 48.

Barua haihakikishi kwamba atabaki kazini. Kukosa uaminifu kwa kiwango hicho kunatosha kumwachisha kazi hata kwa kosa la kwanza, na wenye maduka wengi wataamua hivyo, ndiyo maana ule mstari wa Sh 60,000 baada ya ajira kukoma haukuwekwa kama pambo. Hata hivyo kuna nafasi ndogo. Katika hesabu za mwajiri, kumfukuza keshia ni jambo la siku moja. Kupata milioni moja na laki tisa kwa mtu asiye na mshahara ni jambo la miaka, na pengine la kesi ya madai inayogharimu wakili. Wapo wanaomhamishia stoo, kwenye kuhesabu mabati, mpaka deni liishe, kisha wakaachana.

Upande wa meneja, saa ya kwanza ina kazi za mikono tu. Anaandika kwenye nakala “imepokelewa”, tarehe, saa na sahihi yake, na nakala hiyo inabaki kwa keshia. Anachukua funguo na kitabu cha risiti. Anamwita mtu wa tatu, kisha wanahesabu sanduku pamoja, noti kwa noti, na wote watatu wanasaini karatasi ya hesabu. Hapaswi kuhesabu peke yake, kwa sababu kesho keshia anaweza kusema zilikuwepo zaidi.

Kwenye duka letu la Morogoro walihesabu mara mbili, na upungufu ukatoka Sh 2,352,000. Elfu kumi na mbili zaidi ya barua. Meneja akainua macho, keshia akaanza kutokwa jasho, mtunza stoo akafungua kitabu cha vocha akafunua kurasa za Ijumaa. Ilikuwepo: usafiri wa nondo kwa kirikuu, Sh 12,000, haijasainiwa na aliyepokea. Dereva akapigiwa simu. Alifika saa saba mchana, akasaini, akauliza mbona leo duka limefungwa nusu mlango.